Ticha na injinia ndani ya kilobaiti 20

Najua nimepotea kibarazani wiki mbili nzima, na wengine mmeshaniuliza kama nimekamata sapu au bumu limechelewa. Hapana jamani, nipo. Nilimezwa na maabara moja tu, na leo nataka niwasimulie, maana imenifundisha kitu ambacho desa lote la muhula halikuwa nacho.

Kwa mgeni: mimi nasoma ualimu, fizikia na kompyuta. Kuna somo moja la mifumo midogo ambalo tunachanganywa na watu wa uhandisi. Siku ya kwanza ukisema unatoka ualimu, unaangaliwa kama mtu aliyepotea njia ya kwenda kantini. Nikapangwa na jamaa mmoja wa uhandisi, mtu wa haraka sana kwenye kibodi, ambaye tangu siku hiyo ananiita "ticha" na mimi namwita "injinia". Sheria ya madamu ilikuwa moja: kila mmoja ataulizwa juu ya alichoandika mwenzake. Mmoja akishindwa kueleza, wote wawili mnakosa alama. Kwa hiyo hakuna kubebana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulipewa kibao kidogo cha bluu chenye chipu ya STM32F103C8. Ndani yake kuna flashi ya kilobaiti 64 na ramu ya kilobaiti 20. Basi, ndiyo nyumba nzima hiyo. Hakuna diski, hakuna Windows, hakuna mtu wa kukupangia chochote. Tuandike programu inayopima joto kila sekunde moja kwa kihisi kilichomo ndani ya chipu yenyewe, ihifadhi vipimo kwenye ramu, na kubwa zaidi, tuandike wenyewe skripti ya linka. Halafu kuna nyongeza: kikundi kitakachoweza kuhifadhi vipimo vingi kuliko wengine kinaongezewa alama 5. Kumbukeni hizo alama 5, ndizo zilizoleta ugomvi.

Sasa linka ni nani? Kompaila inageuza kila faili la C kuwa vipande vya mashine, lakini haijui vipande hivyo vitakaa wapi kwenye chipu. Anayegawa viwanja ni linka, na skripti ndiyo ramani anayopewa mkononi. Yetu ilianza hivi:

```
MEMORY
{
  FLASH (rx)  : ORIGIN = 0x08000000, LENGTH = 64K
  RAM   (rwx) : ORIGIN = 0x20000000, LENGTH = 20K
}
_estack = ORIGIN(RAM) + LENGTH(RAM);
```

Flashi inaanzia anwani 0x08000000, ramu inaanzia 0x20000000. Chipu yenyewe ndiyo iliyopanga hivyo, sisi tunaandika tu. Kisha inakuja orodha ya nani akae wapi:

```
SECTIONS
{
  .text : { KEEP(*(.isr_vector)) *(.text*)
            *(.rodata*) . = ALIGN(4); } > FLASH
  _sidata = LOADADDR(.data);
  .data : { _sdata = .; *(.data*)
            . = ALIGN(4); _edata = .; } > RAM AT> FLASH
  .bss  : { _sbss = .; *(.bss*) *(COMMON)
            . = ALIGN(4); _ebss = .; } > RAM
}
```

Msiogope, nitaeleza kwa lugha ya darasani. Flashi ni kama kitabu cha kiada: umeme ukikatika maandishi yanabaki. Ramu ni ubao: unaandika na kufuta kwa kasi, lakini kipindi kikiisha mtu anafuta, na kesho ukiingia unakuta michirizi ya chaki isiyosomeka. Maagizo ya programu (.text) na namba zisizobadilika (.rodata) yanakaa kitabuni. Vigeu vinavyoanza na sifuri (.bss) vinakaa ubaoni, na kabla ya kipindi mtu anafuta ubao sehemu hiyo. Hapo hakuna tatizo.

Tatizo ni yule wa katikati, .data. Sisi tulikuwa na kigeu hiki:

```c
int joto_msingi = 25;
```

Kigeu hiki lazima kiwe ubaoni, maana programu inakibadilisha. Lakini ile 25 ya kuanzia lazima itoke mahali ambapo umeme ukikatika haipotei, yaani kitabuni. Kwa hiyo kitu kimoja kina anwani mbili! Kuna anwani ya kuishi, ambako programu itakitafuta, na anwani ya kuhifadhiwa, ambako thamani yake inalala. Yale maneno `> RAM AT> FLASH` ndiyo maana yake: ishi kwenye ramu, lala kwenye flashi. Ukiuliza `arm-none-eabi-objdump -h` unaziona zote mbili zimesimama pembeni kwa pembeni (nimepunguza safu wima nyingine):

```
Name    Size      VMA       LMA
.text   00000a3c  08000000  08000000
.data   00000004  20000000  08000a3c
```

VMA ni pa kuishi, LMA ni pa kulala. Angalieni .text: mwaka wote anaishi anapolala. Angalieni .data: baiti 4 tu, zinaishi 0x20000000 lakini zimelala 0x08000a3c, mara tu baada ya .text kuisha. Na linka haihamishi chochote, wadau. Inaandika anwani tu. Anayenakili kutoka kitabuni kwenda ubaoni ni sisi, kwa mistari michache inayokimbia kabla ya `main`:

```c
uint32_t *s = &_sidata, *d = &_sdata;
while (d < &_edata) *d++ = *s++;
for (d = &_sbss; d < &_ebss; ) *d++ = 0;
```

Yaani ni kiranja wa zamu anayeingia darasani mapema, ananakili zoezi ubaoni na kufuta sehemu iliyobaki, ndipo mwalimu aingie.

Hatua ya tatu ya maabara madamu alitutaka tufute kwa makusudi maneno `AT> FLASH`, tuandike tunachokiona. Hapa ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii. Tulipakia programu kwa debaga, tukaangalia joto_msingi... 25. Safi kabisa! Injinia akacheka, "Sasa haya maneno ya nini?" Nikamwambia chomoa waya wa kibao, rudisha. Akachomoa, akarudisha. Joto la msingi likawa namba hasi yenye tarakimu tisa. Ile michirizi ya chaki.

Kilichotokea ni kwamba bila `AT> FLASH`, pa kulala na pa kuishi pakawa pamoja, 0x20000000. Debaga ni mtiifu, ilipoambiwa .data inalala kwenye ramu iliiandika moja kwa moja kwenye ramu. Kwa hiyo 25 ilikuwepo kweli, lakini iliwekwa na mkono wa debaga. Umeme ulipokatika, ikaenda. Kitufe cha kuanza upya hakiwezi kukuonyesha kosa hili vizuri, kwa sababu ramu haipotei kwa kitufe. Kinachoonyesha ni kuchomoa umeme kabisa. Na kuna dalili nyingine ya kuchekesha: tukatengeneza faili la kupakia kwa `objcopy -O binary`, likatoka na baiti 402,653,188. Kwa chipu yenye kilobaiti 64! Maana faili la namna hiyo ni picha ya kumbukumbu kutoka anwani ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, na kati ya 0x08000000 na 0x20000000 kuna jangwa ambalo lilijazwa lote kwa sababu ya zile baiti 4 upande wa pili. Ukiona faili lako la programu ndogo limevimba hivyo, usitafute kwingine, katazame safu ya LMA.

Haya, tukarudisha maneno mahali pake, tukaja kwenye steki. Hapa ndipo alama 5 zilipo.

Steki ni sehemu ya kazi za pembeni: fanksheni ikiitwa, inaweka pale anwani ya kurudia na vigeu vyake vya muda, ikimaliza inaondoa. Kwenye chipu hii inaanzia juu ya ramu na kushuka chini. Ule mstari wa `_estack` unatoa 0x20005000, anwani moja tu baada ya mwisho wa ramu. Si kosa, kwa sababu kichakato kinapunguza kwanza ndipo kinaandika, kwa hiyo neno la kwanza linaangukia 0x20004FFC, ambapo ni ndani. Na chipu inaijuaje anwani hii? Inaisoma yenyewe kutoka neno la kwanza kabisa la flashi inapowaka. Neno la pili ni pa kuanzia programu. Ukifungua faili la programu, baiti nne za mwanzo ni `00 50 00 20`, ukizisoma kinyumenyume unapata 0x20005000. Nilipoziona nilijisikia kama nimemkuta mtu ninayemfahamu kwenye daladala.

Sasa picha ya ramu yetu: chini kabisa .data, juu yake .bss, halafu uwazi, halafu steki inayoning'inia kutoka juu ikishuka. Hakuna ukuta katikati. Ni mwalimu wa hesabu anayeandika somo kutoka kushoto kwa ubao, na kazi za pembeni kutoka kulia kurudi kushoto. Siku zitakapokutana hakuna kengele itakayolia.

Injinia akafanya hesabu. Ramu ni baiti 20,480. Vitu vyetu vidogo (joto_msingi, kihesabu na bafa ya kutumia maandishi ya baiti 512) vinachukua 520. Kila kipimo ni baiti 2. Akaweka:

```c
uint16_t vipimo[9950];
```

Safu hii ni baiti 19,900. Jumla 20,420. Linka ikapita bila neno hata moja! Akajaribu 10,000, jumla 20,520, linka ikagoma palepale: ``region `RAM' overflowed by 40 bytes``. Akarudi 9,950, akasema, "Ticha, alama 5 hizo. Linka imekubali."

Nikachukua kalamu. 20,480 toa 20,420 ni 60. Baiti 60 kwa steki nzima. Sasa kila katizo likitokea, chipu hii inasukuma maneno manane kwenye steki yenyewe bila kuombwa, yaani baiti 32, kabla hata fanksheni yetu haijaanza. Zinabaki 28. Linka ilikubali kwa sababu yenyewe inajumlisha vitu vyenye ukubwa unaojulikana tu. Steki haimo kwenye hesabu yake, maana kina chake kinategemea nani atamwita nani programu ikikimbia.

"Mbona inafanya kazi?" akaniuliza. Na kweli ilikuwa inafanya kazi, tuliiacha nusu saa. Ndipo nikaona ubaya wenyewe. Kwenye faili la ramani la linka, safu ya vipimo ilikuwa mwisho wa .bss, kwa hiyo steki ilikuwa inafanyia kazi zake juu ya mkia wa safu, ambao bado ulikuwa mtupu. Kipimo kimoja kila sekunde, 9,950 ni saa 2 na dakika 45. Kuonyesha kazi mbele ya madamu ni dakika kumi. Nani angeona? Hakuna. Alama 5 tungezibeba na programu ambayo ingekufa zaidi ya saa mbili baadaye, sisi tukiwa kantini.

Hapo tukabishana kweli, jamani. Yeye alisema vikundi vyote vitafanya hivyo hivyo, na sisi tukipunguza tunajichinja wenyewe. Mimi nilimwambia madamu akiniuliza kwa nini umeacha baiti 60, sina jibu la kumpa, na nikikosa jibu wote tunakosa. Tukakubaliana tusibishane kwa maneno. Tukabadilisha muda wa kupima, badala ya sekunde moja iwe milisekunde moja, kila kitu kingine kibaki. Tukawasha. Ikatuma ujumbe sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu... ilipokaribia ya kumi, kimya. Kimya kabisa. Vipimo vilifika mkiani vikaandikwa juu ya anwani za kurudia za steki, fanksheni ikataka kurudi nyumbani ikakuta namba ya joto. Injinia hakusema kitu. Alivuta kiti akakaa.

Basi tukauliza swali sahihi: steki inahitaji kiasi gani hasa? Njia tuliyotumia ni ya kizamani na nzuri. Kwanza tulipunguza safu iwe ndogo ili steki ipate nafasi ya kutosha. Kisha programu inapoanza tu, kabla ya `main`, tunapaka uwazi wote kuanzia `_ebss` hadi karibu na steki ilipo kwa namba moja, 0xA5A5A5A5. Tunaiacha ikimbie, tunaisimamisha kwa debaga, tunaangalia kutoka chini kwenda juu rangi imefutika kuanzia wapi. Hapo ndipo steki ilipofika siku ya njaa kali.

Mara ya kwanza tukapata baiti 596. Lakini kipimo hiki kinakuonyesha njia zilizopitwa tu. Programu yetu ilikuwa na tahadhari inayotumwa joto likizidi kikomo, na kwenye chumba chetu halikuzidi. Tukashusha kikomo makusudi ili tahadhari ilie. Ikawa 708. Kwa hiyo ile safu ya 9,950 ilikuwa inagongana na steki kwa baiti 648, ambazo ni vipimo 324 vya mwisho. Ajali ingeanza kunukia baada ya kipimo cha 9,626, yaani saa 2 na dakika 40 hivi.

Tukaamua steki ipewe baiti 1,024, na tukaandika uamuzi huo ndani ya skripti ili mtu asije akausahau:

```
ASSERT(_estack - _ebss >= 1024, "Nafasi ya steki haitoshi")
```

Sasa linka inagoma yenyewe kwa Kiswahili fasaha, hahaha. Zikabaki baiti 18,936 za vipimo, ambavyo ni 9,468. Tumepoteza vipimo 482, kama dakika 8. ASSERT haizuii steki kukua ikikimbia, wadau, inahakikisha tu uwazi upo wakati wa kuunganisha. Kuna wanaoiweka steki chini kabisa ya ramu na data juu yake, ili ikizidi itoke nje ya ramu na chipu isimame kwa hitilafu papo hapo badala ya kuharibu data kimyakimya. Sisi hatukuifanya, hapakuwa na muda.

Siku ya kuonyesha, tukamwamkia madamu, akachomoa umeme, akarudisha, 25 ikatokea. Akanigeukia mimi. "Mwalimu, wenzenu wana 9,900. Nyie mbona mmeacha kilobaiti nzima tupu?" Nikamweleza 708 imetoka wapi, na kwa nini 596 haikutosha. Akamgeukia injinia amweleze AT> FLASH, sehemu niliyoiandika mimi. Jamaa akaanza, "Ni kama kiranja wa zamu..." Nilibana kicheko kwa shida.

Alama 5 za nyongeza walipata wengine, kikundi cha vipimo vingi zaidi, kama karatasi ilivyosema. Zetu za maelezo zilikuwa kamili. Injinia alinuna hadi jioni, halafu akaniomba karatasi ya mahesabu akaipige kopi.

Nawaachia swali, wale wa mifumo midogo mnaopita hapa. Sisi tuliongeza baiti 316 juu ya zile 708 tulizopima, kwa kukisia tu kwamba zinatosha. Nyie mnaacha kiasi gani, na mnajuaje? Mwageni maoni hapo chini. Mimi nawahi kuandaa somo, wiki ijayo naanza mazoezi ya kufundisha.

Tuwasiliane!